Kuchagua tende za familia: ulaini kwanza, jina baadaye

Mtu akiingia duka la tende, swali la kwanza huwa jina. Ajwa ziko? Sukkari bei gani? Hizi za Saudia au za Iran? Mimi namshauri kila anayenunua kwa ajili ya nyumba nzima aanze na unyevu uliomo ndani ya tende yenyewe. Unyevu ndio unaoamua kama bibi asiye na magego ataila au ataisukuma pembeni. Ndio unaoamua kama tende itakaa kabatini mwezi mzima au lazima iingie friji leo, na ni pakiti ya namna gani inayoifaa. Jina na nchi vikufikie baadaye, ukishajua unatafuta tende ya ulaini gani na ya nani.

Nitaeleza kwa mfano wa nyumba ya Mombasa inayojiandaa kwa Ramadhani, kwa kuwa ndipo familia nyingi za pwani hununua tende nyingi kwa mara moja, na ndipo makosa ya kuhifadhi huumiza zaidi. Wa Zanzibar, Dar es Salaam, Lamu na Tanga hali yao ni moja: joto na hewa yenye maji.

Pima ulaini kabla ya kuuliza jina

Tende huiva kwa hatua. Tunda likifikia kimo chake, likiwa la manjano au jekundu na bado gumu, Waarabu huliita khalal. Likianza kulainika na kujaa maji huwa rutab. Likikauka mtini mpaka ganda likakunjamana huwa tamr. Nyingi tunazokula huku ni tamr, lakini zipo zinazouzwa zikiwa karibu sana na rutab, na hizo ndizo zinazochacha mikononi mwa watu wasiozijua.

Kwa mnunuzi inatosha kuzigawa mafungu matatu. Tende laini ina unyevu wa asilimia 30 hivi au zaidi. Nusu kavu iko kati ya 20 na 30. Kavu iko chini ya 20. Huhitaji chombo cha kupimia. Ibonyeze ubavuni kwa kidole gumba, hata kama ni juu ya plastiki ya pakiti. Laini itakubali kidole kizame na shimo litabaki. Nusu kavu itabonyea, kisha ganda litarudi polepole. Kavu haibonyei kabisa, na ukiziangusha mbili tatu mezani utasikia zinagonga.

Sasa waweke watu wako mbele ya mafungu hayo. Mzee mwenye meno mabovu na mtoto mdogo wanahitaji laini. Wenye meno mazima wanakula nusu kavu bila shida, na kwa joto letu hiyo ndiyo tende ya kutegemea, kwa sababu inavumilia. Kavu nzuri ni ya safari, ya mkoba wa shule, au ya kulowekwa kwenye maziwa usiku na kuliwa daku.

Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, ulaini peke yake hautoshi. Ipasue tende kwa urefu, toa kokwa, kisha ikate vipande vyembamba, maana tende nzima inayonata inaweza kumkwama kooni. Usiziamini sana zilizoandikwa kwamba zimetolewa kokwa, kwani mashine huacha kokwa nzima au kipande mara mojamoja. Tena tende iliyotobolewa hukauka upesi na kuwafungulia wadudu mlango, kwa hiyo za kuweka muda mrefu nunua zenye kokwa zake.

Majina na zinakotoka

Ukishajua ulaini unaoutaka, majina yanakuwa rahisi. Nitataja machache tu, yale yanayokutana na mnunuzi wa pwani mara kwa mara.

Mazafati hutoka eneo la Bam, kusini mashariki ya Iran. Ni nyeusi, laini sana, ina nyama nyingi na ganda jembamba. Wazee huipenda kwa kuwa inayeyuka mdomoni. Hii ni tende ya baridi, haina mjadala. Ukiikuta imepangwa juu ya meza kwenye jua la Februari, muuzaji hajui anachouza au anajua na hajali. Nunua kwa mwenye friji.

Sukkari hutoka Qassim, katikati ya Saudia, na mji wa Buraydah una soko kubwa la tende wakati wa mavuno. Ina rangi ya dhahabu na utamu mkali. Tatizo ni kwamba jina hilohilo linabeba tende mbili kwa mnunuzi: kuna Sukkari laini, inayokuja imeshindiliwa kwenye ndoo au boksi, na kuna kavu inayokatika mdomoni. Usimwagize mtu “Sukkari kilo mbili” kwa simu bila kumwambia ipi.

Khalas ni maarufu Al-Ahsa upande wa mashariki wa Saudia, na inalimwa sana Oman na Emarati pia. Ni ya kahawia nyepesi, kati ya laini na nusu kavu, na utamu wake hauchoshi. Kwa familia inayotaka tende moja ya watu wote, hii ndiyo ningeichagua kwanza. Fardh ya Oman ni nyeusi zaidi, imara, na inasifika kwa kukaa muda mrefu. Zahidi, inayolimwa sana Iraq, ni ya manjano iliyofifia na ngumu kidogo, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Inafaa sana kupikia na kusaga. Deglet Nur ya Algeria na Tunisia ni nusu kavu, nyepesi kwa rangi, na mara nyingi huuzwa ikiwa bado kwenye vikonyo vyake.

Ajwa ni ya Madina. Bei yake imepandishwa na heshima yake katika hadithi za Mtume kuliko na ladha, kwa hiyo ndiyo inayoigizwa sana. Tazama umbo. Ajwa ni fupi, karibu ya mviringo, nyeusi, yenye mistari myembamba iliyofifia kwenye ganda, na nyama yake ni nusu kavu. Safawi, nayo ni ya Madina na ni nyeusi vilevile, ni ndefu zaidi na laini zaidi. Ni tende nzuri sana kwa bei yake, lakini usilipie bei ya Ajwa. Ukiona “Ajwa” ndefu, au zinazopishana maumbo ndani ya boksi moja, rudisha.

Medjuli inatufundisha kutolichukua jina kama cheti cha nchi. Asili yake ni Tafilalt, Moroko. Mwaka 1927 machipukizi 11 yalipelekwa Marekani kwa kuwa ugonjwa wa bayoudh ulikuwa unaua mitende ya Moroko, na leo aina hiyo inalimwa California, Jordan, Palestina, Misri hadi Namibia. Kwa hiyo boksi likisema Medjuli, bado tafuta mstari unaotaja nchi. Kumbuka pia kwamba moja kubwa ina uzito wa tende mbili au tatu ndogo. Mwenye kisukari aliyeambiwa na daktari wake ale tende mbili asihesabu Medjuli kwa vidole, apime kwa uzito.

Uliza zilivunwa lini

Swali hili wengi hawaliulizi, nalo lina faida kuliko la jina. Huko Ghuba, Iraq, Iran na Afrika Kaskazini mavuno makubwa huwa kati ya Agosti na Oktoba, huku aina nyingine zikianza mapema kidogo. Ramadhani ya 2026 inaangukia Februari na Machi. Tende mpya inayokufikia wakati huo ina miezi minne hadi sita tangu ivunwe, na hiyo ni hali nzuri. Ile ya mavuno ya mwaka uliotangulia ina zaidi ya mwaka mmoja, na kama haikukaa kwenye baridi muda wote huo, utaijua: imeiva weusi usio wa aina yake, imekauka pembeni, harufu yake ni ya sukari iliyoungua kidogo.

Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, miaka michache ijayo itasogea karibu zaidi na mavuno, na tende zitakuwa changa zaidi. Kwa sasa uliza tu: hizi ni za msimu gani? Muuzaji mzuri anajibu hapohapo.

Soma pakiti kabla ya kusoma bei

Pakiti ya kuaminika inataja aina, nchi, uzito halisi, aliyefungasha, tarehe ya kufungashwa, tarehe ya mwisho na namna ya kuhifadhi. Tarehe ya mwisho huhesabiwa mara nyingi tangu kufungashwa, wala si tangu kuvunwa. Ndiyo maana tende ya zamani ikifunguliwa kwenye boksi lake na kupakiwa upya kwenye vikopo vidogo inaweza kuonekana ya jana. Ukikuta stika mpya imebandikwa juu ya tarehe iliyochapwa, acha. Kwa bidhaa iliyoingizwa nchini, tazama pia alama ya KEBS au TBS kulingana na ulipo.

Kwenye orodha ya viungo ningependa kuona neno moja tu: tende. Ikitajwa shira ya glukosi, maana yake zimepakwa ili zing'ae na zionekane laini. Si sumu, lakini unanunua shira kwa bei ya tende. Hata bila maandishi unaweza kuijua: mng'ao wa tende yenyewe ni hafifu na hauko sawa kila mahali, ilhali iliyopakwa inawaka yote na kuacha utelezi kwenye vidole.

Halafu tazama pakiti ilivyokaa. Iliyofyonzwa hewa inapaswa kushikana na tende kila upande. Ikiwa imevimba na kujaa hewa, kuna uchachu ndani unaotoa gesi. Matone ya maji chini ya kifuniko yanaonyesha kwamba imetolewa kwenye baridi ikarudishwa, pengine zaidi ya mara moja. Shira iliyojikusanya chini ya boksi ni dalili ya joto au ya kukandamizwa. Maboksi ya karatasi yenye dirisha yanapendeza kwa zawadi, ila hakikisha ndani kuna mfuko uliofungwa, maana mdudu mdogo hupita kwenye pembe za boksi bila taabu. Za kupimwa kwa kilo ni halali kuzinunua kama zimefunikwa. Zilizo wazi kando ya barabara, zenye vumbi na nzi, ziache hata zikiwa tamu.

Fungua moja, utazame ndani

Kabla ya kununua kilo nyingi, nunua nusu kilo, uende nayo nyumbani. Ishike tende kwa vidole viwili, ipasue kwa urefu mpaka uione kokwa, kisha uisogeze kwenye mwanga. Nyama nzuri ina rangi moja, inang'aa kidogo, na utando mwembamba mweupe unaoizunguka kokwa ni wa kawaida. Kinachotakiwa kukutisha ni unga mweusi kama masizi katika uwazi wa kokwa, kwani huo ni ukungu. Mengine ni chembechembe za kahawia, nyuzi kama za buibui, au mdudu mwembamba wa kahawia. Pasua kumi. Ukikuta moja ina kasoro, fungua kumi nyingine. Ukikuta mbili au tatu katika kumi, pakiti yote irudi dukani.

Inuse pia. Harufu ya siki au ya pombe maana yake imeshaanza kuchacha, na kuiosha hakutairudisha.

Kuna mambo mawili yanayofanya watu watupe tende nzuri. La kwanza ni madoa meupe kwenye ganda au ndani ya nyama, hasa kwenye Sukkari. Mara nyingi ni sukari iliyoganda. Iweke tende hiyo kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache: sukari huyeyuka, na ukiitafuna kabla hujailoweka utaisikia kama mchanga mtamu. Ukungu una manyoya au unga, una harufu ya uvundo, na hauyeyuki. La pili ni ganda lililovimba na kuachana na nyama. Hilo hutokana na aina ya tende na hali ya hewa ilipokuwa ikiiva. Huishusha daraja na bei, ladha haiguswi. Kwa matumizi ya nyumbani, zinunue kwa furaha.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua nyumba ya watu sita: bibi, baba, mama, watoto wawili wa shule, na mdogo wa miaka miwili. Bibi, baba na mama wanafuturu kwa tatu kila mmoja, watoto wa shule mbili mbili, mdogo moja. Jumla ni tende 14 kwa siku, na kwa siku 30 ni 420.

Bibi na mdogo wanahitaji laini: nne kwa siku, yaani 120 kwa mwezi. Tende laini ya kawaida ina gramu 10 hivi, kwa hiyo ni kilo 1 na gramu 200. Mazafati huuzwa sana kwa maboksi ya gramu 600 au karibu na hapo, basi mawili yanatosha, na kila moja ni la siku 15. La kwanza liingie friji, la pili liingie friza hadi katikati ya mwezi.

Waliobaki wanakula 10 kwa siku, yaani 300. Hesabu tende zilizomo katika nusu kilo uliyonunua ya majaribio. Zikiwa 60, unahitaji nusu kilo tano, yaani kilo mbili na nusu za Khalas au Fardh. Ongeza kilo moja ya Zahidi, au ya zile za kushindiliwa, kwa juisi, maandazi na sahani ya kupeleka msikitini. Jumla ni kilo 4 na gramu 700. Nyumba nyingi za ukubwa huu hununua katoni nzima ya aina moja, kisha bibi anashindwa kuzitafuna na robo yake inaharibika Shawwal.

Nunua ya majaribio wiki mbili tatu kabla Shaaban haijaisha, na zilizobaki baada ya kuridhika. Wiki ya mwisho bei hupanda na hupati nafasi ya kupasua na kurudisha.

Kuzihifadhi kwenye joto la pwani

Tende hunywa maji ya hewa. Katika chumba cha Mombasa wakati wa kaskazi, bakuli lililoachwa wazi huanza kunata baada ya siku chache, na laini huanza kuchacha. Ukiwa Dodoma au Garissa shida ni kinyume chake: hewa kavu inazikausha mpaka ziwe mawe. Dawa ya yote mawili ni chombo kinachobana, cha kioo au plastiki nzito.

Nusu kavu na kavu zinaweza kukaa kabatini, mbali na jiko na jua, kwa wiki chache zikiwa zimefungwa. Toa za siku tatu nne kwenye chupa ndogo ya mezani na uiache kubwa imefungwa, ili isifunguliwe kila magharibi. Za kukaa miezi ziingie friji. Laini ziingie friji tangu siku ya kwanza. Zifunge vizuri, kwa sababu tende hushika harufu ya vitunguu na samaki, na ikishaishika haiiachi.

Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni bora kuliko vyote. Tende hubaki nzuri mwaka mzima, na kwa sukari yake nyingi haigandi kuwa jiwe. Kuna faida nyingine: baridi hiyo huua wadudu na mayai yao. Nikinunua za kupimwa kwa kilo huziweka friza siku nne kabla ya kuzipeleka kabatini. Zigawe kwanza kwenye mifuko ya matumizi ya wiki moja. Ukitoa mfuko, uache umefungwa mpaka tende zirudi kwenye joto la chumba. Ukiufungua zikiwa baridi, hewa ya nje itaacha maji juu ya ganda, na maji hayo ndiyo yanayoleta ukungu.

Usizioshe kabla ya kuziweka. Osha zile tu unazopeleka mezani, haraka, kwa maji safi, kisha zifute.

Zilizobaki baada ya Idi na kuanza kukauka, ila hazina harufu wala ukungu, zitoe kokwa, ziloweke kwenye maji ya moto dakika 15, uzisage na maji machache. Rojo hilo likae friji ndani ya chupa safi, litumike badala ya sukari kwenye uji ndani ya wiki moja, na kwa muda mrefu zaidi ligawe kwenye vikopo vidogo uligandishe.